Kufuli tatu ndani ya simu: namna kikundi kinavyoweza kuchora skrini ya kutuma pesa kabla ya kulipia programu

Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vinalifahamu sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti, na sanduku halifunguki mpaka wote watatu wafike kwenye mkutano. Mtindo huo ulianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, na leo unaonekana katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Lakini siku hizi fedha za vikundi vingi zimehamia kwenye simu. Sanduku limebaki uvunguni mwa kitanda cha mweka hazina, ndani yake kuna daftari na mhuri tu. Swali ni hili: zile kufuli tatu zimehamia wapi?

Vikundi vingine sasa vinafikiria kutengenezewa programu ndogo ya simu ya kutunza hesabu na kulipa mikopo. Mara nyingi fundi huja na skrini alizokwisha kuzitengeneza, wanakikundi wanazitazama mara moja, wanasema ni nzuri, wanalipa. Kasoro zinaonekana baadaye, pesa ikishakwenda kusikotakiwa. Kurekebisha programu iliyokwisha kuandikwa ni gharama. Kurekebisha mchoro wa penseli ni kazi ya kifutio.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kuchora mchoro huo. Wataalamu wanauita mchoro wa mifupa ya skrini: hauna rangi wala mapambo, unaonyesha tu kila kitufe kiko wapi, kimeandikwa nini, na ukikibonyeza kinakupeleka wapi. Ni kama fundi mwashi anavyochora vyumba na milango kabla ya kuchimba msingi. Huhitaji kompyuta. Unahitaji karatasi, penseli, rula na watu wa kuujaribu.

Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuseme kikundi kina wanachama 25. Mkutano umekubali kumkopesha mwanachama wetu Neema Joseph shilingi 150,000. Mweka hazina anataka kumtumia pesa hiyo kutoka kwenye akaunti ya simu ya kikundi. Skrini zikae vipi ili pesa imfikie Neema, iwe kiasi kile kile, na iende mara moja tu?

Kwanza, pima gumba lako

Weka simu juu ya karatasi ya daftari, izungushie penseli, kisha kata. Simu nyingi za kupapasa zinazouzwa sasa zina upana wa sentimita 7 hadi 8 na urefu wa sentimita 15 hadi 17. Kata vipande kumi hivi vya kipimo hicho hicho. Kosa la kwanza la wengi ni kuchora kwenye karatasi kubwa. Kwenye karatasi kubwa kila kitu kinaenea, na vitufe sita vinapendeza. Ukivirudisha kwenye simu vinabanana kama abiria wa daladala ya jioni.

Sasa bandika kipande kimoja juu ya kioo cha simu kwa gundi ya karatasi. Chukua ule wino wa mhuri ambao kikundi hutumia kwa wanaosaini kwa dole gumba. Paka gumba wino, shika simu kwa mkono huo huo mmoja kama unavyoishika siku zote, kisha papasa karatasi kila mahali gumba linapofika bila kulazimisha. Utapata alama iliyopinda kama mundu, kuanzia chini upande mmoja ikipanda hadi katikati. Rudia kwa mkono wa kushoto kwenye kipande kingine, na umpe pia mtu mwenye mikono midogo ajaribu.

Eneo lenye wino ndilo gumba linalolifikia kwa raha. Kona ya juu ya upande wa pili kwa kawaida inabaki nyeupe, na kuifikia inabidi usogeze simu kiganjani, jambo linaloweza kukufanya uiangushe au ubonyeze kingine. Na wanaotumia mkono mmoja ni wengi. Mwaka 2013 mtaalamu wa usanifu wa simu, Steven Hoober, alichapisha matokeo ya kuwatazama watu 1,333 wakitumia simu zao barabarani, kwenye mabasi na mahali pengine. Kati ya wale waliokuwa wakigusa skrini, asilimia 49 walikuwa wameshika na kubonyeza kwa mkono mmoja. Mkulima mwenye jembe au mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo mkononi hahitaji utafiti kulijua hilo.

Jambo la pili ni ukubwa wa kitufe. Utafiti wa mwaka 2006 uliopima gumba la mkono mmoja kwenye skrini ndogo ulipendekeza kitufe kisipungue milimita 9.2 kila upande, na milimita 9.6 kwa vitufe vinavyobonyezwa mfululizo, kama vile tarakimu. Sisi tunashauri ukubali sentimita 1 kamili, maana rula yako inaipima kirahisi na vidole vya mtu wa shamba ni vinene kuliko vya mtu wa ofisini. Kati ya kitufe na kitufe acha nafasi ya milimita 2 au zaidi. Na pale chini kabisa, ambapo simu nyingi zina alama za kurudi nyuma au kwenda mwanzo, usiweke kitu. Acha sentimita 1 tupu.

Ukifuata vipimo hivyo utagundua kwamba skrini inabeba vitu vichache kuliko ulivyodhani. Hiyo ni faida. Skrini ya kwanza ya mweka hazina wetu inahitaji vitufe vinne tu, kimoja kwa kila mstari, vyote ndani ya eneo la wino.

Maneno yaliyo juu ya kitufe

Hapa ndipo lugha inapoweza kuokoa au kupoteza pesa. Tazama maneno mawili tuliyoyazoea kwenye menyu za pesa za simu: Tuma na Toa. Yote yana silabi mbili, yanaanza na herufi moja na kuishia na herufi moja. Mtu anayesoma polepole, jua likiwaka kwenye kioo, anayachanganya. Isitoshe, kutoa kuna maana nyingi: unatoa pesa kwa wakala, unatoa mchango, unatoa mkopo. Kwenye programu ya kikundi, kitufe chenye neno "Toa" pekee kinaweza kueleweka kwa njia tatu.

Dawa yake ni kuongeza neno linalosema pesa inakwenda wapi. Kwa kikundi chetu tutaandika hivi: "Lipa mkopo kwa mwanachama", "Pokea hisa", "Chukua taslimu kwa wakala" na "Angalia salio". Hakuna mawili yanayofanana mwanzo. Mtu akisoma neno la kwanza tu tayari amejua yuko sehemu gani.

Neno jingine la kuogopa ni "Sawa". Kitufe cha "Sawa" hakisemi kitafanya nini. Ubaya wake unaonekana zaidi skrini inapouliza, "Una uhakika unataka kughairi?" na chini yake kuna vitufe "Sawa" na "Ghairi". Anayetaka kughairi abonyeze kipi? Kitufe kimoja kinaghairi malipo, kingine kinaghairi kughairi. Andika kitendo chenyewe. Badala ya "Sawa" andika "Omba funguo za 150,000". Badala ya "Ghairi" andika "Usilipe, rudi nyuma". Ni maneno marefu kidogo, lakini kitufe chenye upana wa skrini nzima kinayabeba bila shida.

Faida ya penseli ni kwamba haina rangi. Kama mchoro wako unaeleweka kwa penseli peke yake, basi maneno na mpangilio vinafanya kazi. Fundi akija kuongeza kijani na nyekundu itakuwa nyongeza. Kama mchoro hauelewi mpaka uambiwe "hiki kitakuwa chekundu", ujue kwamba mtu mwenye kioo kilichopasuka au aliyesimama juani hatauelewa.

Kumchagua mtu na kuandika kiasi

Skrini ya pili inamchagua mpokeaji. Njia rahisi kwa fundi ni kuweka kisanduku cha kuandika namba ya simu. Tunashauri mkikatae. Namba ina tarakimu 10, na kukosea moja kunatosha kuipeleka pesa kwa mtu usiyemjua. Kikundi kina orodha ya wanachama 25 wanaojulikana, basi skrini ionyeshe orodha hiyo, na mweka hazina aguse jina.

Lakini orodha nayo ina mtego wake. Tuseme kikundi kina Neema Joseph na Neema Josephat, na kwa mpangilio wa alfabeti wanakaa mmoja juu ya mwingine. Kila jina lipate mstari wa angalau sentimita 1, na chini ya jina ziandikwe namba yake ya uanachama na tarakimu tatu za mwisho za simu: "Na. 14, laini inaishia 418". Wanakikundi wengi wanakumbuka namba zao za uanachama kwa sababu ziko kwenye vitabu vyao vya hisa.

Skrini ya tatu ni ya kiasi. Hapa penseli inafichua kasoro ambayo wengi huisahau. Mtu akigusa kisanduku cha kiasi, kibodi ya namba inapanda na kufunika sehemu kubwa ya chini ya skrini. Kitufe chako kizuri cha "Endelea", ulichokiweka pale gumba linapofika, kimefunikwa. Kwa hiyo kata karatasi nyingine fupi, ichore kibodi, na uilaze juu ya sehemu ya chini ya mchoro. Chochote kilichofichwa kihamishie juu ya ukingo wa kibodi.

Kiasi chenyewe kionekane kwa njia mbili kadiri mtu anavyoandika: kwa tarakimu zenye alama ya mkato, na kwa maneno chini yake. Tofauti ya 15000 na 150000 ni sifuri moja ambayo jicho linairuka. Tofauti ya "elfu kumi na tano" na "laki moja na nusu" hairukiki. Mtu ambaye hesabu za tarakimu zinampiga chenga bado anajua laki ni nini.

Skrini ya kuhakiki

Sasa tumefika kwenye kiini. Kabla pesa haijaondoka lazima kuwe na skrini moja inayokusanya mambo yote, na mtu aisome. Watu wengi wanadhani usalama ni kuuliza mara nyingi: una uhakika, kweli una uhakika, bonyeza tena kuthibitisha. Matokeo yake ni kinyume. Mtu akiulizwa swali lile lile kila siku, gumba linajifunza njia na jicho linaacha kusoma. Skrini moja yenye habari za maana inashinda tatu zinazouliza "una uhakika?".

Hivi ndivyo skrini hiyo inavyoweza kukaa kwa mfano wetu. Tumechukulia kwamba salio la kikundi ni 412,000 na makato ni 2,000, ili hesabu ionekane:

```
+--------------------------+
| HAKIKI MKOPO             |
|                          |
| Anayelipwa:              |
|  NEEMA JOSEPH (Na. 14)   |
| Laini inaishia: 418      |
| Jina la laini:           |
|  JOSEPH ...              |
|                          |
| Kiasi: 150,000           |
|  laki moja na nusu       |
| Makato: 2,000            |
| Salio litabaki: 260,000  |
|                          |
| [Omba funguo za 150,000] |
|                          |
| [Usilipe, rudi nyuma   ] |
+--------------------------+
```

Tazama mstari wa "Jina la laini". Kampuni za simu huonyesha jina la aliyesajili laini kabla pesa haijatumwa. Kwa mfano, Kenya kampuni ya Safaricom iliita huduma hiyo Hakikisha. Jina hilo ndilo kinga kubwa dhidi ya kosa la namba na dhidi ya matapeli wanaotuma meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii". Lakini vijijini kuna jambo ambalo fundi wa mjini anaweza asilifikirie. Mama Neema anaweza kuwa anatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mumewe au mtoto wake. Jina linalokuja halitakuwa Neema hata kidogo. Kama skrini inasema tu "majina hayalingani", mweka hazina atazoea kulipuuza onyo hilo, na siku ya tapeli atalipuuza vile vile.

Tunapendekeza hivi. Mwanachama anapojiunga, kikundi kiandike jina la laini yake kama lilivyo, hata kama ni la mtu mwingine. Siku ya kulipa, programu ilinganishe jina la laini la leo na lile lililoandikwa. Yakilingana, onyo halihitajiki. Yakitofautiana, kitufe cha kulipa kisionekane kabisa, na badala yake yatokee maneno: "Jina la laini limebadilika tangu mwanachama aandikishwe. Mpigie simu au muone kabla ya kulipa." Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumika inaweza kufungwa na namba ikauzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo onyo hili halitakuwa la bure.

Kuna jambo dogo la mpangilio ambalo lina uzito. Kama kitufe cha "Endelea" kwenye skrini ya kiasi na kitufe cha kulipa kwenye skrini ya kuhakiki viko mahali pale pale, mtu akibonyeza mara mbili kwa haraka anapita skrini ya kuhakiki bila kuiona. Mguso wa kwanza unaileta, wa pili unaikubali. Panga vipande viwili kimoja juu ya kingine, vishike kwenye mwanga wa dirisha, na uangalie kama vitufe vinagongana. Vikigongana, sogeza kimoja angalau sentimita 2.

Kufuli ya pili na ya tatu

Mpaka hapa mweka hazina ameandaa malipo, lakini pesa isiondoke bado. Ndiyo maana tuliandika "Omba funguo" badala ya "Lipa". Ombi linakwenda kwenye simu za washika funguo wengine wawili, kila mmoja kwenye simu yake. Wanaona mambo yale yale: nani, laini ipi, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Chini kuna vitufe viwili, "Fungua" na "Kataa". Anayekataa achague sababu fupi, kwa mfano "Kiasi si cha mkutano" au "Simjui huyu", ili mweka hazina ajue la kurekebisha. Ombi ambalo halijafunguliwa na wote mpaka mwisho wa siku lifutike lenyewe, lisibaki likining'inia hadi wiki ijayo ambapo hakuna anayelikumbuka.

Kuna kisanduku kimoja ambacho kwenye mchoro wenu hakitakiwi kuwepo: kisanduku cha namba ya siri ya akaunti ya pesa. Namba hiyo iandikwe kwenye dirisha linaloletwa na kampuni ya simu yenyewe, lile linalojitokeza juu ya skrini. Programu ya kikundi ikiiomba namba hiyo kwenye kisanduku chake, basi aliyeitengeneza anaweza kuisoma na kuitunza. Fundi akisema ni lazima, huyo si fundi wa kupewa kazi. Washika funguo wawe na namba zao za kufungulia ombi, tofauti na za akaunti zao za pesa.

Vipi kama mmoja wa washika funguo ana kitochi? Huyo hana vitufe vya kupapasa, ana menyu ya nyota na reli. Ujumbe wa menyu hiyo hauzidi herufi 182, nafasi zikiwemo, kwa hiyo nao uchorwe na uhesabiwe. Kwa mfano:

```
Mkopo: Neema Joseph Na.14
laini ..418
Sh 150,000 laki moja na nusu
1. Fungua
2. Kataa
```

Huo unatosha na nafasi inabaki. Muhimu ni kwamba jina na kiasi viko kwenye ujumbe ule ule wenye kuchagua 1 au 2. Vikiwa kwenye ujumbe uliotangulia, mtu anafungua kitu asichokiona.

Baada ya kubonyeza, mtandao ukinyamaza

Michoro mingi inaishia kwenye "Imetumwa" na alama ya vema. Huko kwetu mtandao una tabia yake. Mtu anabonyeza, duara linazunguka, halafu kimya. Anabonyeza tena. Dakika tano baadaye zinakuja meseji mbili, na 300,000 zimeondoka.

Kwa hiyo chora vipande vitatu vya mwisho, si kimoja. Cha kwanza ni "Imelipwa", chenye jina, kiasi, saa na namba ya muamala. Cha pili ni "Haijalipwa. Pesa haijatoka", pamoja na sababu. Cha tatu, ambacho ndicho kinachosahaulika, ni "Jibu halijafika. Usilipe tena. Jibu litaonekana hapa." Kwenye kipande hiki cha tatu kusiwe na kitufe cha kulipa. Kuwe na kitufe kimoja tu: "Angalia kama jibu limefika".

Pembeni ya mchoro mwandikie fundi maagizo mawili. La kwanza, kitufe kikishabonyezwa mara moja kizimike papo hapo. La pili, kila ombi lipewe namba yake ya pekee tangu linapoandaliwa, ili likifika mara mbili kwenye kompyuta inayopokea malipo, la pili litambuliwe kuwa ni lile lile na likataliwe. Agizo la kwanza linamzuia mtu, la pili linazuia mashine kurudia ombi yenyewe. Moja bila jingine halitoshi.

Mjaribu kwa karatasi

Vipande vyote vikiwa tayari, kaeni chini ya mti mjaribu. Mmoja wenu awe "simu": kazi yake ni kubadilisha karatasi kulingana na mahali mwenzake anapobonyeza, bila kusema neno. Mwingine apewe kazi, kwa mfano: "Mkutano umekubali Neema Joseph akopeshwe laki moja na nusu. Mlipe." Awe anashika karatasi iliyobandikwa kwenye simu halisi na kubonyeza kwa gumba. Wa tatu aandike alipositasita, alipobonyeza pasipo kitufe na alipouliza swali.

Msimsaidie. Akiuliza "hapa nabonyeza wapi?" mjibuni, "Ingekuwa simu yako ungebonyeza wapi?" Kigugumizi chake ndicho mnachokitafuta. Chagueni watu watano wasiofanana: mweka hazina mwenyewe, mzee anayevaa miwani, kijana wa mkono wa kushoto, mama anayesoma kwa kukokoteza na mtu ambaye hakuwepo mlipochora.

Kisha mtegeeni kila mmoja mitego mitatu. Kwa mtego wa kwanza, kwenye karatasi ya kuhakiki andikeni Neema Josephat badala ya Joseph. Kwa wa pili, andikeni 1,500,000, milioni moja na nusu. Kwa wa tatu, baada ya kubonyeza mpeni karatasi ya "Jibu halijafika" na mkae kimya kwa dakika nzima muone kama atarudi kulipa tena. Wawili kati ya watano wakinaswa kwenye mtego mmoja, msiwalaumu kwamba hawakusoma. Futeni sehemu hiyo, ichoreni upya, kisha jaribuni na watu wengine ambao hawajauona mtego.

Yale ambayo karatasi haiyatatui

Mchoro hauwezi kuwaonyesha mtandao utakavyokuwa siku ya mvua wala kioo kitakavyong'aa saa sita mchana. Fundi akileta programu, rudieni mitego ile ile kwenye simu halisi, nje juani, kwa kiasi kidogo cha pesa.

Pia kikundi hakiruhusiwi kuanzisha mfumo wake wa kutunza na kuhamisha pesa. Kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, kazi hiyo inahitaji leseni ya Benki Kuu. Programu yenu inaandaa maombi na kukusanya idhini, pesa yenyewe inakaa na kuhamishwa na kampuni au benki yenye leseni. Mwulizeni fundi ni kampuni ipi, na mthibitishe na kampuni hiyo moja kwa moja.

La mwisho ni la binadamu. Kufuli tatu zina maana kama funguo ziko kwa watu watatu. Washika funguo wakimwachia mweka hazina simu zao na namba zao za siri "ili asisumbuke", hakuna mchoro utakaokiokoa kikundi. Kwenye kitabu cha kikundi andikeni kanuni moja: mshika funguo anafungua kwa simu yake, kwa mkono wake. Akisafiri au simu ikiharibika, mkutano unamchagua mwingine na kubadilisha jina kwenye orodha. Mchorieni fundi na skrini ya kazi hiyo pia, maana siku hiyo itafika.